Unga Ukiumuka: Mwongozo wa Swala ya Usiku, Witri na Sunna Nyingine, na Zinapoachana na Faradhi

Shangazi yangu anauza vitumbua Tanga. Mchele anauroweka jioni, na saa tisa na nusu usiku anaamka, anausaga, anachanganya tui, sukari, iliki na hamira, kisha anaufunika unga uumuke. Siku moja nilimkuta barazani baada ya mauzo. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akaniambia: "Mwanangu, mie usiku niko macho miaka yote hii, na hiyo tahajudi sijaiswali hata siku moja. Magoti yangu hayawezi kusimama rakaa kumi na moja za sura ndefu."

Alikuwa amekosea mahali pamoja tu. Alichukua masharti ya faradhi, akaongeza na mengine aliyoyasikia kwa watu, akaibebesha swala ambayo sheria imeifanya nyepesi. Nimekutana na wengi wa namna yake. Nimekutana pia na wa upande wa pili, wanaokesha kisha alfajiri ikawapita wamelala. Ninayoandika hapa ni kwa watu wa pande zote mbili, kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafii ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo wengi wetu wa pwani.

Unaswali nini hasa

Swala za faradhi kwa siku ni tano, rakaa 17. Bedui mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama ana wajibu wa swala nyingine zaidi ya hizo tano, akajibiwa: hapana, ila ujitolee mwenyewe. Hapo ndipo mpaka ulipo. Faradhi ni deni, ukiiacha una dhambi na utailipa. Sunna ni ya kujitolea, ukiiswali una thawabu, na ukiiacha huna dhambi.

Swala ya usiku yenyewe imewahi kuwa upande wa deni. Bi Aisha alisimulia kwamba mwanzo wa Sura ya Muzzammil uliposhuka, Mtume na masahaba walisimama usiku kwa mwaka mzima mpaka miguu ikawavimba. Baada ya miezi 12 ikateremka aya ya mwisho ya sura hiyo, inayosema someni kilicho chepesi katika Kurani, na kisimamo kikawa cha hiari. Kwa hiyo anayejiona amepunguziwa kitu akiswali rakaa mbili za sura fupi, akumbuke kwamba wepesi huo uliteremshwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Kuna majina matatu ambayo watu huyachanganya. Kiyamulaili ni swala yoyote ya sunna baada ya Isha mpaka alfajiri, umelala au hujalala. Tahajudi ni ile inayoswaliwa baada ya kulala usingizi, hata kidogo, ukishakuwa umeswali Isha. Muuguzi aliye zamu usiku kucha bila kusinzia anaswali kiyamulaili, na shangazi anayeamka saa tisa na nusu anaswali tahajudi. Witri ni swala ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, na ndiyo inayofunga swala za usiku. Hiyo ina uzito wa peke yake, nitairudia.

Kuuhesabu usiku

Usiku wa kisheria unaanza jua linapozama, yaani magharibi, na kwisha alfajiri inapoingia. Usiuhesabu kuanzia saa sita. Chukua magharibi kuwa saa 12:30 jioni na alfajiri saa 11:00. Hapo usiku una saa kumi na nusu. Ukiugawa kwa tatu, kila theluthi ni saa tatu na nusu. Ondoa saa tatu na nusu kutoka saa 11:00, unapata saa 7:30 usiku. Kuanzia hapo uko kwenye theluthi ya mwisho, ule wakati uliotajwa katika hadithi kwamba Mola huuliza nani ananiomba nimpe, nani anataka msamaha nimsamehe.

Shangazi aliposikia hesabu hiyo alinyamaza kidogo. Saa tisa na nusu iko katikati ya theluthi hiyo.

Huku kwetu karibu na mstari wa ikweta hesabu haibadiliki sana mwaka mzima, ni dakika chache huku na huku. Ndugu aliyeko London lazima aifanye upya kila baada ya wiki chache, maana mwezi Juni jua huko linazama baada ya saa tatu usiku na theluthi nzima ni fupi mno.

Ukitaka mpangilio bora kabisa, Mtume alisema swala inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ya Nabii Daudi: alikuwa akilala nusu ya usiku, akisimama theluthi yake, kisha akilala sudusi. Kwa saa zetu hizo, ni kulala mpaka saa sita kasorobo, kuswali mpaka saa tisa na robo, na kulala tena hadi alfajiri. Angalia usingizi ule wa mwisho. Umewekwa kabla ya faradhi, na anayeubakisha anaingia swala ya Alfajiri akiwa na mwili uliopumzika.

Sisemi uamke saa sita kasorobo. Kwa anayeanza, weka alamu ya simu dakika 40 kabla ya alfajiri, na simu uiweke mbali na mkono, usifikie kuizima ukiwa umelala. Lala ukiwa na nia ya kuamka. Imepokewa kwamba anayelala kwa nia hiyo usingizi ukamshinda, huandikiwa alichokinuia, na usingizi wake ni sadaka aliyopewa na Mola wake.

Swala yenyewe, hatua kwa hatua

Ukiamka, paka uso mkono uondoe usingizi, piga mswaki, tawadha. Usiruke mswaki, Mtume alikuwa akiamka usiku akianza nao.

Anza na rakaa mbili nyepesi. Mtume aliagiza hivyo, na faida yake utaiona: mwili unaamka ndani ya swala. Soma Fatiha na sura fupi, kwa mfano Kulya katika rakaa ya kwanza na Kulhuwallahu katika ya pili. Dakika nne zinatosha.

Nia ya sunna ni nyepesi kuliko ya faradhi. Katika faradhi moyo lazima ukusanye mambo matatu wakati wa takbira ya kuhirimia: kwamba unaswali, swala gani, na kwamba ni ya faradhi. Katika sunna yenye wakati wake, kama witri au dhuha, unanuia kuswali na unaitaja ni ipi. Katika sunna isiyofungwa na wakati wala sababu, kama rakaa za usiku zisizo witri, inatosha kunuia kuswali. Hakuna adhana wala ikama, hizo ni za faradhi tano tu.

Baada ya hapo ongeza rakaa mbili mbili, ukitoa salamu kila baada ya mbili. Aliulizwa Mtume juu ya swala ya usiku akajibu kwamba ni mbili mbili, na mtu akichelea alfajiri aswali rakaa moja imfungie witri alizoziswali. Idadi haina lazima. Bi Aisha alisema Mtume hakuwa akizidisha rakaa 11, Ramadhani wala mwezi mwingine, na hiyo ni pamoja na witri. Wewe ukiswali mbili na witri, umeswali.

Kisomo usikipaze sana wala usikifiche kabisa. Mtume alimpitia Abubakar akisoma kwa sauti ya chini mno, na Umar akisoma kwa sauti ya juu. Wa kwanza akamwambia apandishe kidogo, wa pili ateremshe kidogo. Isipokuwa chumba kikiwa na mtu aliyelala, hapo punguza, haki ya usingizi wake ni yake.

Kama hujahifadhi sura ndefu na unataka kisomo kirefu, unaweza kushika msahafu ukasoma ndani ya swala. Dhakwan, aliyekuwa mtumwa wa Bi Aisha, alikuwa akimswalisha kwa kusoma msahafuni. Uweke mahali ambapo macho yanafika bila kugeuka kibla, na kufungua ukurasa kuwe kwa mwendo mdogo.

Na ukiona ulimi unateleza, aya unairudia bila kujua, au umesahau uko rakaa ya ngapi kwa usingizi, maliza haraka ulale. Mtume aliona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili msikitini, akaambiwa ni ya Zainabu, akichoka huishika. Akaamrisha ifunguliwe, akasema mtu aswali akiwa na nguvu zake, na akichoka akae. Katika hadithi nyingine alieleza sababu: anayesinzia ndani ya swala huenda akataka kujiombea msamaha kumbe anajilaani. Faradhi haina ruhusa hiyo. Ikiwa wakati wake unakwisha, utanawa uso na kuiswali ukiwa hivyo hivyo.

Witri

Wakati wa witri unaanza ukishaswali Isha na kwisha alfajiri inapoingia. Anayekusanya Magharibi na Isha safarini, wakati wa Magharibi, anaweza kuiswali witri papo hapo baada ya Isha. Uchache wake ni rakaa moja, uchache wa ukamilifu ni tatu, na mwisho wake ni 11.

Kwa tatu, lililo bora kwetu ni kuzitenganisha: unaswali mbili, unatoa salamu, kisha unasimama kuswali moja. Katika mbili za mwanzo husomwa Sabbihisma na Kulya, na katika ile moja Kulhuwallahu, Falaki na Nnasi. Kunuti ya witri kwa Shafii iko katika nusu ya pili ya Ramadhani, kwenye itidali ya rakaa ya mwisho. Miezi mingine, kunuti unayoisikia kila siku misikitini kwetu ni ya swala ya Alfajiri. Ukitoa salamu sema mara tatu "Subhanal-malikil-kuddus", ya tatu uipaze.

Uiswali kabla ya kulala au uiache mwisho wa usiku? Inategemea unavyojijua. Abubakar alikuwa akiiswali kabla ya kulala, Umar mwisho wa usiku. Mtume akasema wa kwanza amechukua tahadhari na wa pili amechukua nguvu, hakumlaumu hata mmoja. Abu Huraira naye aliusiwa asilale kabla ya witri. Ushauri wangu kwa asiye na mazoea ni kumfuata Abubakar kwa miezi ya mwanzo. Wengi wanaokosa witri huikosa kwa kuiweka mahali pa Umar na usingizi wao si wa Umar.

Sasa, umeswali witri kabla ya kulala, au pamoja na imamu baada ya tarawehe, kisha saa kumi ukaamka. Swali mbili mbili kadiri uwezavyo, na witri usiirudie, kwa kuwa Mtume alisema hakuna witri mbili katika usiku mmoja. Wapo wanaoogopa kuswali kitu baada ya witri, wakakaa kitandani macho wazi. Hakuna sababu ya kuogopa.

Kinyume chake, hukuswali witri, alamu haikulia, na unafungua macho saa kumi na dakika 52, alfajiri ni saa 11:00. Usianze rakaa mbili nyepesi. Tawadha, dakika tatu, na uswali rakaa moja ya witri kwa Fatiha na Kulhuwallahu. Imekamilika. Ukiamka adhana ya alfajiri imeshaingia, wakati wa witri umetoka. Swali sunna ya Alfajiri na faradhi yake, kisha witri yako utailipa baadaye, ikiwezekana jua likishapanda. Kuwa makini tu ikiwa msikiti wa jirani unaadhini mara mbili: adhana ya kwanza ni ya kuamsha watu, bado ni usiku. Bilali alikuwa akiadhini hivyo, na Ibn Ummi Maktum ndiye aliyeadhini alfajiri ya kweli.

Magoti, basi na kukatiza swala

Hapa ndipo sunna na faradhi zinapoachana waziwazi, na hapa ndipo jibu la shangazi lilipo.

Kusimama ni nguzo ya faradhi. Anayeweza kusimama akakaa, faradhi yake haisihi. Katika sunna, mwenye nguvu zake anaruhusiwa kukaa, naye hupata nusu ya thawabu ya aliyesimama. Mgonjwa aliyekaa kwa kutoweza thawabu zake hazipungui. Namna yake ni hii: kaa juu ya mswala, pasiwe kwenye kiti ikiwa unaweza kukaa chini, leta takbira, soma ukiwa umekaa, kwa rukuu inama mpaka paji la uso lielekee mbele ya magoti, na kusujudu ni kama kawaida. Unaweza pia kuchanganya. Mtume alipokuwa mtu mzima alikuwa akisoma ameketi, zikibaki aya kama 30 au 40 akainuka, akazisoma amesimama, kisha akarukuu. Shangazi anafanya hivyo sasa. Anasoma ameketi, na akibakiza sura moja fupi anashika ukingo wa kinu na kusimama.

Safarini, Mtume aliswali sunna na witri juu ya mnyama wake popote alipoelekea, lakini faradhi aliteremka akaelekea kibla. Ukiwa ndani ya basi la usiku kwenda Mwanza, swali witri kwenye kiti chako. Elekea kibla wakati wa takbira ikiwa ni rahisi, isipowezekana elekea basi linakokwenda, rukuu na usujudu kwa kuinama, na sijida iwe chini zaidi ya rukuu. Alfajiri ikiingia basi lisiposimama ni jambo jingine. Zungumza na dereva mapema, na ikishindikana swali kwa heshima ya wakati kisha uirudie ukishuka.

Kukatiza pia kuna tofauti. Faradhi ukishaihirimia ni haramu kuikata bila udhuru. Sunna unaweza kuikata, na hulipi. Mtoto akilia, au sufuria likiwaka moto ukiwa katika tahajudi, toka. Ndiyo maana ikama ikikimiwa hakuna swala tena isipokuwa ya faradhi: aliyekuwa katika sunna aimalize kwa wepesi ikiwa hatakosa jamaa, akichelea kuikosa aikate.

Za mchana, kwa ufupi

Zinazofuatana na faradhi zilizosisitizwa ni rakaa kumi: mbili kabla ya Alfajiri, mbili kabla ya Adhuhuri na mbili baada yake, mbili baada ya Magharibi, mbili baada ya Isha. Ukishindwa zote, shika zile mbili za kabla ya Alfajiri. Dhuha huanza jua likipanda kiasi cha mkuki, kama dakika 15 hadi 20 baada ya kuchomoza, mpaka kabla ya adhuhuri. Uchache wake ni mbili.

Faradhi iliyokupita unaiswali saa yoyote, lakini sunna isiyo na sababu ina nyakati inazokatazwa: baada ya kuswali Alfajiri mpaka jua lipande, jua likiwa utosini isipokuwa Ijumaa, na baada ya kuswali Alasiri mpaka lizame. Sunna yenye sababu iliyotangulia, kama maamkizi ya msikiti, haimo katika katazo hilo. Usiku hauna saa ya katazo, tangu magharibi hadi alfajiri.

Usiku usile alfajiri

Imamu Malik amepokea kwamba Seyyidna Umar alimkosa Suleiman bin Abi Hathma katika swala ya Alfajiri. Akapita kwa mama yake, Bi Shifa, akamuuliza. Mama akasema mwanawe alikesha akiswali, usingizi ukamshinda. Umar akajibu kwamba kuihudhuria Alfajiri kwa jamaa kunapendeza kwake zaidi kuliko kusimama usiku kucha. Kipimo ni hicho. Ukiona ndani ya wiki umeipitiwa Alfajiri hata mara moja baada ya kuanza tahajudi, rudisha witri kabla ya kulala, lala mapema, na punguza rakaa mpaka mwili uzoee. Usingoje mara ya pili.

Na kuna mwenye deni la zamani, aliyeacha swala za faradhi kwa miezi au miaka, sasa amerudi. Ramadhani utamwona safu ya mbele katika tarawehe za rakaa 20. Kwa Shafii, aliyeziacha bila udhuru ni wajibu azilipe upesi, na haimfalii kuutumia wakati huo kwa sunna. Zilizompita kwa usingizi au kusahau, kuharakisha kuzilipa ni sunna. Mwanamke hana deni la siku zake za hedhi.

Saa ile ya usiku ndiyo ya kulipia. Faradhi za siku moja ni rakaa 17, na kwa sura fupi hazizidi dakika 40. Weka daftari, anza na Alfajiri ya siku ya kwanza, fuatisha Adhuhuri mpaka Isha, piga mstari. Kila usiku siku moja, deni la mwaka linakwisha kwa mwaka, na ukiongeza nyingine moja baada ya kila faradhi ya siku, zote tano, linakwisha kwa nusu ya muda. Wapo wanavyuoni wa Kishafii waliosema anayelipa faradhi baada ya kuamka usingizini usiku amepata na tahajudi ndani yake.

Shangazi hana daftari. Akishafunika unga anatandika mswala hapo hapo uani, anaswali mbili nyepesi, mbili za kuketi, na witri tatu. Akitoa salamu ya mwisho anafunua sufuria, na unga umeshapanda.